CV Iliyobandikwa Kutoka WhatsApp: Dalili, Chanzo na Tiba

Mteja anaingia steshenari, anasema, "Kaka, nimeshakutumia kila kitu, we nipangie tu." Unafungua simu, unakuta jumbe kumi na nne. Wa kwanza unahusu kazi anayofanya sasa, wa pili ni shule ya msingi, wa tatu ni namba ya mdhamini, wa nne ni "samahani nimesahau, JKT nilienda pia". Ukizinakili zote na kuzibandika kwenye Word unapata bonge la maandishi lisilo na kichwa wala miguu, halafu anataka achukue karatasi kabla ya daladala ya saa kumi.

Kazi hii nimeifanya Mwanza kwa miaka kadhaa, na karibu kila CV iliyoniharibikia iliharibika kwa sababu moja: nilianza na vichwa vya habari kabla ya kupanga tarehe. Unaandika ELIMU kwa herufi nene, unatafuta cha kuweka chini yake, unakuta kitu kingine hujui kinaingia wapi, unabuni kichwa kipya, na mwisho una vichwa tisa vya ukubwa tofauti. Ndiyo maana katika dalili zifuatazo tarehe zinatangulia vichwa. Mfano nitakaoufuata ni wa dada mmoja mwenye shahada ya uhasibu aliyekuja Machi 2025. Jina lake na la mwajiri wake nayaacha.

Kabla ya yote, bandika maandishi ghafi kwenye faili lake peke yake, liite "ghafi", na usilifute mpaka mteja ameshalipa na kuondoka. Utalirudia zaidi ya mara moja.

Dalili: unabonyeza Heading 1 kwenye mstari mmoja, aya nzima inakuwa kichwa

Umeona neno "Elimu" liko mstari wake peke yake. Unaweka kishale pale, unabonyeza Ctrl+Alt+1, na mistari sita ya chini yake yote inageuka mikubwa na ya rangi ya bluu. Wengi hapa hukata tamaa, wanarudi kwenye herufi nene za mkono.

Chanzo hakionekani mpaka uwashe alama zilizofichwa. Bonyeza Ctrl+Shift+8. Mwisho wa kila mstari utaona moja ya alama mbili. Ile ¶ ni mwisho wa aya wa kweli. Ile ↵ ni mstari uliokatwa tu, kama mtu aliyebonyeza Shift+Enter. Kwa macho yetu ni mstari mpya, lakini kwa Word bado ni aya ileile. Maandishi yanayotoka WhatsApp ya kompyuta au kwenye barua pepe mara nyingi huja na ↵ nyingi, na mtindo wa kichwa huishika aya nzima, hauchagui mstari.

Tiba ni Ctrl+H. Kwenye Find what andika cha kwanza, kwenye Replace with andika cha pili, kisha Replace All:

```
^l
^p
```

Hiyo ya kwanza ni herufi "l" ndogo, siyo tarakimu moja. Baada ya hapo utakuwa na mistari mitupu mingi. Badilisha `^p^p` kuwa `^p`, na urudie Replace All mpaka idadi inayoripotiwa isishuke tena. Wakati mwingine mstari mmoja mtupu hubaki mwishoni mwa faili na Word haikubali kuuondoa. Uache, hauna madhara.

Kama ulibandika pamoja na rangi na maandishi ya mtandaoni, chagua yote kwa Ctrl+A, bonyeza Ctrl+Space kuondoa mapambo ya herufi, kisha Ctrl+Q kuondoa mapambo ya aya, kisha Ctrl+Shift+N ili kila kitu kiwe Normal. Njia bora ni kutofika huko: bandika kwa kuchagua Keep Text Only tangu mwanzo.

Dalili: muda wa WhatsApp na nyota zimebaki ndani ya CV

Hii ni ndogo ila inaaibisha. Ukinakili jumbe nyingi kwa pamoja, kila mmoja unakuja na saa, tarehe na jina la mtumaji kwenye mabano ya mraba. Yule dada maneno yake yalifika hivi:

```
[09:14, 12/3/2025] Mteja: Nipo ghala la vinywaji
tangu mwaka jana mwezi wa 4, mtunza stoo
[09:15, 12/3/2025] Mteja: *Elimu* kidato cha nne
nilimaliza 2015
```

Kwenye Ctrl+H bonyeza More, weka tiki kwenye Use wildcards, kisha tafuta hiki na uache Replace with ikiwa tupu:

```
\[*\] *: 
```

Kuna nafasi moja baada ya nukta mbili za mwisho. Usibonyeze Replace All mara moja. Bonyeza Find Next mara tatu nne uone kinachoshikwa, kwa sababu nyota hapo inameza chochote mpaka ikutane na nukta mbili, na kama mteja mwenyewe ametumia mabano ya mraba mahali fulani, sentensi yake itakwenda na maji. Ukimaliza, ondoa tiki ya Use wildcards, kisha tafuta nyota `*` na uifute; hizo ni zile WhatsApp inazotumia kukoleza maneno.

Ila kabla hujafuta tarehe za jumbe, andika pembeni ujumbe wa kwanza ulitumwa lini. Sababu inakuja sasa hivi.

Dalili: tarehe hazikubaliani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mteja haandiki tarehe, anasimulia. Anasema "mwaka jana", "mwaka juzi", "baada ya chuo", "kipindi cha corona", "miezi mitatu hivi". Ukiziacha hivyo CV inaoza baada ya miezi michache: "mwaka jana mwezi wa 4" iliyoandikwa Machi 2025 ni Aprili 2024, lakini akiituma tena Februari 2026 itasomeka Aprili 2025, na kazi ya karibu miaka miwili inaonekana ya miezi kumi. Ndiyo maana nikasema ushike tarehe ya ujumbe. Bila hiyo hujui "jana" inahesabiwa kutoka wapi, hasa akikutumia maneno aliyoyanakili kutoka ujumbe wa zamani aliompelekea mtu mwingine.

Tiba yake ni jedwali la kazi. Halitaonekana kwenye CV, ni kiunzi tu. Tengeneza jedwali lenye safu nne: Aina, Kuanza, Kuisha, Maelezo. Kila tukio la maisha ya mteja linapata mstari mmoja tu. Tarehe ziandike kwa tarakimu sita, mwaka kisha mwezi: Aprili 2024 ni 202404. Anachoendelea nacho mpaka leo, upande wa kuisha andika 999912. La yule dada lilianza hivi:

| Aina | Kuanza | Kuisha | Maelezo |
|---|---|---|---|
| Kazi | 202404 | 999912 | Mtunza stoo, ghala la vinywaji |
| Elimu | 2011? | 2015? | Kidato cha 1–4 |
| Elimu | ? | 2017 | Kidato cha 5–6 |
| Mafunzo | 2017 | 2017 | JKT, miezi mitatu |
| Elimu | 2017 | 2020 | Shahada ya uhasibu |
| Mafunzo | ? | ? | Kompyuta, "baada ya chuo" |
| Kazi | 2019 | 2019 | Mafunzo kwa vitendo, halmashauri |
| Kazi | 2021 | 2022 | Mhasibu msaidizi, SACCOS |
| Kazi | 2022 | 2024 | Wakala wa pesa |

Alama za kuuliza ni muhimu kuliko zilizojazwa. Usizijaze kwa kubahatisha. Ziwe orodha ya maswali unayomuuliza mteja kwa mara moja, badala ya kumpigia kila baada ya dakika tano.

Baadhi ya hizo alama unaweza kuzipunguza mwenyewe, kwa sababu kalenda ya shule za Tanzania inajulikana. Kidato cha kwanza kinaanza Januari, mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, matokeo yanatoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Hapo ndipo kosa ninaloliona kuliko yote linapozaliwa: mtu anakumbuka siku ya matokeo, maana ndiyo siku aliyolia au kucheka, kwa hiyo anasema amemaliza 2015. Cheti chake kinasema 2014. Anayepokea maombi akiweka CV pembeni ya cheti, anaona miaka miwili tofauti. Nikamwambia dada anipigie picha cheti, kikawa cha 2014. Kidato cha tano kwa kawaida kinaanza Julai na mtihani wa kidato cha sita ni Mei, kwa hiyo miezi ya kati ya Novemba 2014 na Julai 2015 siyo pengo, ni watoto wote wa nchi wako nyumbani. Usimtengenezee kazi ya kuijaza.

Chuo kinaanza Oktoba au Novemba. Mwaka wa mwisho kwa kawaida unaisha katikati ya mwaka, lakini kwa waliomaliza 2020 usiandike Julai kwa mazoea. Vyuo vilifungwa Machi mwaka ule kwa sababu ya corona vikafunguliwa tarehe 1 Juni, kwa hiyo wengi walisogea mbele. Yule dada alikumbuka mtihani wake wa mwisho ulikuwa Agosti. Na mahafali, ambayo huja miezi kadhaa baadaye, siyo tarehe ya kumaliza masomo. Chagua moja na uitumie kwa ngazi zote za elimu. Mimi natumia mwezi wa mtihani wa mwisho.

Jedwali likishajaa, weka kishale ndani yake, nenda Layout ya jedwali, siyo ile ya ukurasa, bonyeza Sort. Word inakupa ngazi tatu za kupanga, na tatu zinatosha: kwanza Aina, Type iwe Text, Ascending, pili Kuisha, Type iwe Number, Descending, tatu Kuanza, Number, Descending. Hakikisha Header row imechaguliwa, la sivyo mstari wa vichwa utachanganywa na data. Kwa kubonyeza mara moja kila kundi linasimama peke yake, la karibuni likiwa juu.

Kwa nini tarakimu sita na siyo "Aprili 2024"? Kwa sababu Word haijui kuwa Aprili inakuja baada ya Machi. Ukiipanga kama maandishi kwa Ascending, Agosti na Aprili zinakuwa juu kila mara na Septemba inakwenda chini, bila kujali mwaka. Nimewahi kuona CV ambayo mtu alifanya kazi ya 2016 kabla ya kuzaliwa kwa ile ya 2013, kwa mpangilio huo tu. Na kama baada ya Sort mstari mmoja umeporomoka mpaka chini ya kundi lake bila sababu, angalia sifuri: 20244 ni namba ya tarakimu tano, ndogo kuliko zote, wakati ulitaka 202404.

Baada ya kupanga, soma safu za tarehe kutoka chini kwenda juu. Unatafuta mambo mawili, kugongana na pengo.

Kugongana: SACCOS iliisha 202212, uwakala ulianza 202208. Kosa la kumbukumbu au kweli? Nikamuuliza. Akacheka, "Kibanda kilikuwa changu mwenyewe kaka, nilikifungua nikiwa bado SACCOS, nakaa jioni." Basi siyo kosa. Lakini msomaji wa CV hatamsikia akicheka, kwa hiyo maelezo lazima yabebe jibu: "Wakala wa pesa (biashara binafsi, jioni hadi Desemba 2022, kisha muda wote)". Kugongana kwa pili kulikuwa kwa halmashauri, Julai hadi Septemba 2019, katikati ya chuo. Hiyo ni kawaida, ni mafunzo kwa vitendo ya wakati wa likizo. Swali ni iwekwe wapi. Kwa mtu asiye na kazi nyingine ningeiacha kwenye uzoefu, maana ndiyo pekee aliyonayo. Huyu ana kazi tatu za kweli, kwa hiyo nikabadilisha Aina yake kuwa Elimu na kuiweka kama mstari chini ya shahada.

Pengo: chuo kiliisha 202008, SACCOS ilianza 202102. Karibu nusu mwaka. Ile kozi ya kompyuta "baada ya chuo" ikaingia humo, Oktoba hadi Desemba 2020. Kilichobaki ni mwezi mmoja mmoja, hakuna wa kukuuliza. Pengo ambalo mteja hana cha kuliweka liache wazi. Usilizibe kwa kuficha miezi na kuandika miaka mitupu, kwa sababu ukifanya hivyo kwa kazi moja inabidi ufanye kwa zote, na "2021 – 2022" inaweza kuwa miaka miwili au wiki mbili. Anayesoma kila siku anajua ujanja huo.

Dalili: tarehe zimeandikwa kwa sura nne tofauti

"2019-2021", "03/2021 hadi 12/2022", "Aprili 2024 mpaka leo", "kuanzia 2017". Chanzo ni kunakili maneno ya mteja. Kama umetengeneza jedwali, dalili hii haipo, kwa sababu sasa unageuza tarakimu sita kuwa sura moja: mwezi kwa neno, mwaka, kistari kirefu chenye nafasi pande zote, na mwisho. "Februari 2021 – Desemba 2022". Inayoendelea ni "Aprili 2024 – sasa", kila mahali "sasa", siyo mara "leo" mara "hadi hivi sasa". Epuka 05/06/2021 kabisa. Kwetu ni tarehe tano Juni, kwenye programu iliyopangwa kwa Kimarekani ni Mei.

Kistari kirefu kama hukioni kwenye kibodi, andika kifupi popote kisha kwenye Ctrl+H tafuta ` - ` yenye nafasi pande zote, na kwenye Replace with uandike ` ^= `. Kuna wanaotengeneza wildcards za kurekebisha tarehe zote kwa mkupuo. CV ina tarehe kama ishirini. Ziandike kwa mkono, utamaliza kabla mwenzako hajapata mabano yake sawa.

Dalili: vichwa havifanani

Sasa ndiyo unaruhusiwa kugusa vichwa. Dalili yenyewe ina sura mbili zinazochanganywa. Ya kwanza ni ya maneno: "ELIMU", "Uzoefu wa kazi:", "Mafunzo niliyopata", "Wadhamini wangu ni hawa". Ya pili ni ya umbo: kimoja ukubwa 14, kingine 13, kimoja kimepigiwa mstari, kimoja kina nukta mbili.

Ya maneno inatibika kwa kukubaliana kwamba kichwa ni jina la kundi, siyo sentensi. Kwa dada huyu vilikuwa vitano: Taarifa Binafsi, Uzoefu wa Kazi, Elimu, Mafunzo, Wadhamini. Hakuna nukta mbili, hakuna "yangu" wala "niliyo". Kama CV inaandikwa Kiingereza, basi vyote Kiingereza; "Elimu" iliyobaki peke yake kati ya vichwa vya Kiingereza ni ushahidi kwamba uliandika juu ya CV ya mteja wa jana. Utambuzi kama kichwa kinastahili kuwepo ni safu ya Aina: kama hakuna mstari wa jedwali wenye aina hiyo, kichwa hicho ni cha mapambo. Isipokuwa Taarifa Binafsi na Wadhamini, ambazo hazina tarehe na kwa hiyo hazikuingia kwenye jedwali. Wadhamini weka mwisho, na uwe nao watatu kamili wenye namba zinazopatikana, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huomba watatu.

Ya umbo chanzo chake ni mkono. Mtu anakoleza kichwa cha kwanza, anakuza, anapaka rangi, kisha anajaribu kukumbuka alifanya nini akifika cha pili. Bonyeza kichwa, kisha Ctrl+Alt+1. Fanya hivyo kwa vyote vitano bila kujali sura inayotokea, hata ikiwa ile bluu isiyopendwa na mtu. Kisha rekebisha kimoja tu: nyeusi, nene, ukubwa 13, nafasi ya pointi 12 juu na 4 chini. Kwenye Home, bonyeza kulia jina Heading 1 na uchague Update Heading 1 to Match Selection. Vingine vinne vinafuata. Kama kimoja hakikufuata, hicho kina mapambo ya mkono juu yake: kichague, Ctrl+Space, Ctrl+Q. Ukitaka herufi kubwa, usiziandike kwa Caps Lock. Zipo kwenye Font, All caps, ndani ya mtindo. Siku mteja akisema "punguza makelele", unaondoa tiki moja.

Mistari ya kila kazi na kila shule, yaani cheo au cheti pamoja na tarehe, ipe Heading 2 kwa Ctrl+Alt+2. Sasa fungua View, Navigation Pane. Upande wa kushoto utaona mifupa ya CV nzima. Kipimo chake ni rahisi: vichwa vitano, na chini ya kila kimoja matukio yake. Ukiona pale sentensi ndefu kama "Kupokea mzigo na kuhesabu kreti", aya ya maelezo imevaa mtindo wa kichwa. Rudi uipe Normal. Ukikosa tukio ulilolijua, limevaa Normal. Na kama unataka Elimu ije kabla ya Uzoefu, likokote jina lake pale kwenye Navigation Pane, litakwenda na vyote vilivyo chini yake. Hakuna kukata na kubandika, hakuna mstari wa SACCOS kubaki nyuma chini ya Mafunzo.

Maelezo ya chini ya kila kazi nayaanza yote kwa "ku-": kupokea mzigo, kuandaa malipo, kutunza daftari la fedha. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu "kupokea" haina wakati. Inafaa kazi ya sasa na iliyokwisha, na huhitaji kubadilisha sentensi mteja akiacha kazi.

Dalili: tarehe za upande wa kulia zinayumba kama meno mabovu

Umezisukuma kwa kitufe cha nafasi mpaka zikaonekana zimelingana. Kwenye karatasi hazikulingana, na ulipobadilisha fonti zikatawanyika. Washa tena Ctrl+Shift+8: nukta nyingi katikati ya mstari ni nafasi, mishale mingi ni Tab zilizobonyezwa mara tatu tatu.

Kwanza safisha. Badilisha `^t^t` kuwa `^t` mpaka isipatikane tena, kisha badilisha nafasi mbili kuwa moja vivyo hivyo. Pale palipokuwa na nafasi tupu, weka Tab moja mwenyewe kati ya cheo na tarehe. Kisha weka kituo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiweka pambizo 2.5 kila upande, maandishi yanabakiwa na 16. Bonyeza kulia jina Heading 2, Modify, Format, Tabs, andika 16 cm, chagua Right, Set, OK. Tarehe zote zinakimbilia ukutani kulia na kusimama pale, na kwa kuwa kituo kiko ndani ya mtindo, kila Heading 2 mpya inakuja nacho.

Kama baada ya hapo tarehe moja imeangukia mstari wa pili, cheo ni kirefu mno: "Mhasibu Msaidizi na Mwandishi wa Kumbukumbu za Mikopo" hakiachi nafasi. Fupisha cheo, mahali pa kazi peleka mstari wa chini. Na kama tarehe zote zimesimama nusu sentimita kabla ya ukingo, angalia Layout, Size. Word nyingi zinakuja na Letter, ambayo ni sentimita 21.59 kwa upana. Badilisha iwe A4 kabla hujaanza kupima, la sivyo printa nayo itakupimia kivyake.

Dalili: kichwa kimebaki peke yake chini ya ukurasa

Ukitumia Heading 1 na Heading 2 hili halitokei mara nyingi, kwa sababu mitindo hiyo ina Keep with next tangu kiwandani. Likitokea, mtu amebonyeza Enter mara nyingi kusukuma kitu ukurasa wa pili, na mistari mitupu ndiyo "next" ya kichwa. Futa mistari hiyo. Na usimpe mteja faili la Word peke yake. Mpe na PDF, kwa sababu simu ya anayepokea haina fonti yako.

CV ya yule dada ilitoka kurasa mbili, saa tisa na nusu. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikipita kwenye tarehe, kikasimama kwenye kompyuta: Oktoba – Desemba 2020. Akatoa cheti kwenye bahasha. Kilikuwa na tarehe ya Machi 2021. Kozi iliisha Desemba, cheti alifuata baadaye. Tukaacha miezi ya kozi kama ilivyo, mbele yake tukaandika "cheti: Machi 2021", nikachapa upya ukurasa wa pili tu.